Maneno "Hatutalipa" Katika Bima ya Wizi: Jinsi ya Kuyaandika Upya kwa Mwenye Duka Dogo

Maelezo haya yalitolewa kwa wafanyabiashara wa maduka ya rejareja katika kikao cha mafunzo. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Katika maduka mengi, hati ya bima huwekwa kwenye bahasha moja na leseni ya biashara ya kaunti, kisha haifunguliwi tena hadi asubuhi ambayo kufuli limekutwa limekatwa. Hapo ndipo mwenye duka husoma kwa mara ya kwanza kifungu kinachotaja hasara ambazo kampuni haitalipa. Kwa wakati huo kifungu hicho hakiwezi tena kumsaidia kuamua lolote. Hakiwezi kumfanya anunue sefu, wala aanze kuweka daftari la bidhaa, wala amwombe wakala wa bima amwongezee kinga. Mambo hayo yote yalipaswa kufanywa kabla.

Sababu ya kutokisoma si uvivu. Kifungu hicho huandikwa kwa sentensi moja ndefu, na mara nyingi kwa Kiingereza cha mawakili. Hata kikigeuzwa kuwa Kiswahili neno kwa neno, uzito wake hubaki palepale. Huu hapa ni mfano wa kifungu cha aina hiyo katika bima ya wizi wa dukani. Maneno hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini umbo ni hili:

"Kampuni haitawajibika kwa hasara ya bidhaa itokanayo na wizi ambao haukuambatana na kuingia ndani ya jengo au kutoka humo kwa nguvu na kwa njia ya kuvunja iliyoacha alama zinazoonekana, au hasara itokanayo na wizi uliotendwa na mwenye bima, jamaa anayeishi naye au mwajiriwa wake, au kwa ushirikiano na yeyote kati yao, au upungufu wa bidhaa usioelezeka au unaothibitishwa na hesabu ya bidhaa pekee, au hasara iliyotokea wakati jengo limeachwa bila mtu kwa zaidi ya siku saba mfululizo, au hasara ya fedha taslimu zilizokuwa nje ya sefu iliyofungwa baada ya saa za kazi, isipokuwa Kampuni imekubali vinginevyo kwa maandishi."

Msomaji akifika mwisho, amekwisha kusahau mwanzo. Kazi ya kuandika upya ni kukivunja kifungu hiki vipande vipande bila kupoteza kipande hata kimoja, na bila kuongeza ahadi ambayo kampuni haikutoa.

Hatua ya kwanza: kutenganisha hasara

Kazi huanza na neno "au". Katika kifungu hiki limetumika mara nyingi, lakini si kila "au" huanzisha hasara mpya. "Au" nyingine ni ndogo, kama ile ya "kuingia ndani ya jengo au kutoka humo". Njia rahisi ya kuzitambua ni kuweka maneno "Kampuni haitawajibika kwa" mbele ya kila kipande kinachofuata "au". Kipande kikisimama chenyewe na kuleta maana kamili, hiyo ni "au" kubwa, na hapo ndipo pa kukata. "Kampuni haitawajibika kwa hasara iliyotokea wakati jengo limeachwa bila mtu" ni sentensi iliyosimama. "Kampuni haitawajibika kwa kutoka humo kwa nguvu" haisimami.

Ukikatwa hivyo, mfano wetu unatoa hasara tano: wizi bila kuvunja, wizi unaohusisha watu wa mwenye duka, bidhaa zilizopungua, duka lililoachwa bila mtu, na pesa taslimu. Kila moja inapewa nambari na kichwa chake. Mwenye duka ambaye hana muda wa kusoma kurasa nyingi anaweza angalau kukumbuka kuwa kuna milango mitano ambayo dai lake linaweza kukataliwa.

Hatua ya pili: kutunza maneno madogo

Baada ya kukata, kila hasara huandikwa kwa sentensi fupi. Mtendaji hutajwa waziwazi: kampuni inakuwa "sisi" na mwenye duka anakuwa "wewe". "Kampuni haitawajibika" inakuwa "hatulipi". Hapa ndipo kosa kubwa hutokea, kwa sababu anayefupisha hushawishika kutupa maneno madogo, ilhali ndiyo yanayobeba pesa.

Chukua hasara ya kwanza. Wapo watakaoifupisha hivi: "Tunalipa ikiwa mwizi alivunja mlango." Sentensi hiyo ni fupi na inaeleweka, lakini ina makosa mawili. Kwanza, kifungu hakikutaja mlango. Mwizi aliyeng'oa mabati ya paa au kukata grili ya dirisha amevunja pia. Kifungu kinataja hata kutoka, kwa hiyo mtu aliyejificha nyuma ya magunia jioni, akafungiwa ndani, kisha akavunja ili atoke na bidhaa, hazuiwi na kifungu hiki. Pili, neno "tunalipa" linaahidi kupita kiasi. Kuvunja ni sharti moja tu. Ikiwa aliyevunja ni mwajiriwa wa duka, hasara ya pili kwenye orodha bado inazuia malipo. Ndiyo maana ni salama zaidi kubaki na "hatulipi", na kusema ni lini.

Maneno "kwa nguvu na kwa njia ya kuvunja iliyoacha alama" nayo yaangaliwe. Kiungo hapo ni "na", si "au". Mtu aliyefungua kufuli kwa ufunguo aliouchonga kwa siri ameiba, lakini hakuacha alama ya kuvunja. Mteja aliyetia pakiti za maziwa kwenye mfuko wake mchana ameiba pia, lakini hakuvunja chochote. Kwa kifungu hiki, hasara zote mbili hazilipwi. Wenye maduka wengi huamini kuwa bima ya wizi ni bima ya kila wizi, na kuandika upya kwa uaminifu ndiko kunakowaondolea dhana hiyo mapema.

Neno lingine dogo ni "pekee" katika hasara ya tatu. Likidondoshwa, mwenye duka ataelewa kwamba hasara yoyote inayojulikana kwa kuhesabu bidhaa hailipwi, na huenda asidai kabisa. Likibaki, anaelewa kuwa hesabu inakubalika mradi kuna ushahidi mwingine pamoja nayo, kama vile kufuli lililokatwa.

Kifungu kilichoandikwa upya

Baada ya kazi hiyo, kifungu kinasomeka hivi:

Hasara ambazo hatulipi

1. Wizi bila kuvunja. Hatulipi wizi ikiwa mwizi hakuvunja kwa nguvu ili aingie dukani au atoke. Ni lazima alama za kuvunja zionekane.

2. Wizi unaohusisha watu wako. Hatulipi ikiwa aliyeiba ni wewe, jamaa unayeishi naye au mtu uliyemwajiri. Hatulipi pia ikiwa mmoja wenu alishirikiana na mwizi.

3. Bidhaa zilizopungua. Hatulipi bidhaa zilizopungua ikiwa haijulikani zilipoteaje. Hatulipi pia ikiwa ushahidi pekee wa kupotea kwake ni hesabu ya bidhaa.

4. Duka lililoachwa. Hatulipi hasara iliyotokea wakati duka limeachwa bila mtu kwa zaidi ya siku 7 mfululizo.

5. Pesa taslimu. Baada ya saa za kazi, hatulipi pesa taslimu zilizokuwa nje ya sefu iliyofungwa.

Ikiwa tumekubaliana nawe jambo tofauti, makubaliano hayo ni lazima yawe kwa maandishi.

Hakuna sentensi iliyozidi mstari mmoja au miwili, na kila sentensi inasema jambo moja. Urefu wa jumla haukupungua sana, wala hilo si lengo. Lengo ni msomaji aweze kusimama mwisho wa kila sentensi, alilinganishe jambo hilo na duka lake, kisha aendelee.

Maswali ambayo sentensi ndefu ilikuwa imeyaficha

Faida nyingine ya kuandika upya ni kwamba utata uliokuwa umejificha hutokeza. Katika mfano huu kuna sehemu mbili.

Ya kwanza ni maneno ya mwisho, "isipokuwa Kampuni imekubali vinginevyo kwa maandishi". Je, yanahusu pesa taslimu tu, kwa kuwa ndizo zilizotajwa mara ya mwisho, au yanahusu hasara zote tano? Katika kifungu kilichoandikwa upya yamewekwa chini ya orodha nzima, maana yake aliyeandika amechagua kwamba yanahusu zote. Uchaguzi huo huenda ukawa sahihi, lakini si wa mwandishi kuuamua. Kampuni ndiyo inayopaswa kuulizwa.

Ya pili ni zile siku saba. Duka linalofungwa usiku halina mtu, lakini usiku mmoja haufiki siku saba, kwa hiyo hilo halina shida. Shida huja mwenye duka anapofunga Desemba na kwenda mashambani kwa siku kumi, na wezi wakavunja siku ya tano. Je, hasara hiyo ilitokea wakati duka limeachwa kwa zaidi ya siku saba? Mtu mmoja atasema hapana, kwa kuwa siku ya tano saba hazijatimia. Mwingine atasema ndiyo, kwa kuwa safari yote ilikuwa ya siku kumi. Tena, je, jirani akifungua duka siku ya nne ili kufagia na kuangalia, hesabu inaanza upya?

Sheria ina kanuni ya zamani inayotumiwa na mahakama: maneno ya mkataba yakiwa na utata wa kweli, husomwa dhidi ya upande uliyoyaandika. Katika bima, upande huo kwa kawaida ni kampuni. Lakini kanuni hiyo hufanya kazi mahakamani, baada ya hasara, na kesi hugharimu muda na pesa ambazo duka dogo halina. Swali la mistari miwili kwa kampuni kabla ya safari ya Desemba ni rahisi kuliko kesi ya Januari.

Karatasi hii si mkataba

Hapa kuna mpaka ambao ni lazima ueleweke. Kifungu kilichoandikwa upya na mwenye duka, na mwanawe aliyesoma, au hata na wakala, hakichukui nafasi ya hati ya bima. Siku ya dai, kampuni itasoma hati yake. Karatasi ya lugha nyepesi ni ya kumwongoza mwenye duka, na hupata nguvu zaidi pale kampuni inapoithibitisha.

Kwa hiyo karatasi hiyo ipelekwe kwa kampuni, moja kwa moja au kupitia wakala, pamoja na barua fupi yenye maswali. Barua iseme: huu ndio uelewa wa mwenye duka kuhusu kifungu hiki; tafadhali thibitisheni au msahihishe kwa maandishi. Jibu la barua au la baruapepe linafaa na lihifadhiwe pamoja na hati. Jibu la mdomo, "usijali, hiyo tutalipa", halitoshi. Mfano wetu wenyewe unasema makubaliano tofauti ni lazima yawe kwa maandishi.

Mwenye duka anayeuliza hivyo haombi hisani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Kampuni isipojibu, au mzozo ukizuka kuhusu dai, malalamishi yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, inayojulikana zaidi kwa herufi zake IRA.

Mfano wa hesabu

Ili kuona kifungu kikifanya kazi, fikirieni duka moja la vyakula. Limefungwa Jumamosi saa mbili usiku. Jumapili asubuhi kufuli limekutwa limekatwa na rafu za unga, mafuta na sabuni ziko tupu.

Daftari la bidhaa linaonyesha kuwa dukani palipaswa kuwa na bidhaa za shilingi 310,000. Zilizobaki zikihesabiwa ni za shilingi 181,000. Tofauti ni shilingi 129,000. Kwenye droo palikuwa na shilingi 18,000 za mauzo ya Jumamosi, nazo hazipo. Mwenye duka anajumlisha na kudai shilingi 147,000.

Sasa dai linapitishwa kwenye orodha. Nambari 1 haizuii, kwa kuwa kufuli limekatwa na alama zinaonekana. Nambari 2 haizuii, mradi upelelezi hauonyeshi mkono wa mtu wa dukani. Nambari 3 inahitaji uangalifu. Daftari hilohilo linaonyesha kuwa hesabu ya Jumatano iliyotangulia ilikuwa na upungufu wa shilingi 9,000 usio na maelezo. Upungufu huo ulikuwepo kabla ya kuvunjwa, kwa hiyo shilingi 9,000 zinaondolewa na zinabaki 120,000. Nambari 4 haihusiki. Nambari 5 inaondoa shilingi 18,000 zote, kwa sababu zilikuwa kwenye droo wala si kwenye sefu.

Kinachobaki ni shilingi 120,000. Ikiwa hati inasema mwenye duka abebe mwenyewe asilimia 10 ya kila hasara, kampuni italipa shilingi 108,000. Pengo kati ya 147,000 alizotarajia na 108,000 atakazopata ni shilingi 39,000. Katika hizo, 27,000 zilikuwa zimeandikwa kwenye kifungu tangu siku ya kwanza.

Fikirieni pia duka hilohilo bila daftari. Kufuli limekatwa, lakini hakuna anayejua bidhaa zilikuwa ngapi. Wizi unaonekana, ila kiasi chake hakionekani, na mkaguzi wa hasara atakayetumwa na kampuni hatakuwa na pa kuanzia ila risiti chache za jumla. Daftari lile ambalo lilimpunguzia mwenye duka shilingi 9,000 ndilo lililomlindia 120,000.

Kufuli lililokatwa nalo lisitupwe. Lipigwe picha likiwa pale pale kabla ya kuwekwa jipya, kisha lihifadhiwe. Wizi uripotiwe kituo cha polisi na nambari ya OB ichukuliwe, na kampuni ijulishwe ndani ya muda uliotajwa katika hati. Alama zinazotakiwa na nambari 1 ndizo hizo, na fundi wa mlango anaweza kuzifuta zote kwa nusu saa.

Kupima kama maandishi yameeleweka

Lugha nyepesi haipimwi kwa ufupi wa sentensi. Inapimwa kwa majibu ya msomaji. Mwenye duka asome kifungu kipya, kisha aulizwe: mteja akiiba mchana, je? Mhudumu akimpa rafiki yake ufunguo, je? Paa likitobolewa usiku, je? Mauzo ya siku yakiachwa chini ya kaunta, je? Akijibu hayo manne bila kusita, na majibu yake yakalingana na hati, kazi imekamilika. Akikosea, kosa litafutwe kwanza kwenye sentensi. Huenda neno moja linahitaji kubadilishwa, au sentensi moja inabeba mambo mawili.

Majibu hayo humwelekeza pia la kufanya. Anayegundua kuwa hasara ya mhudumu hailipwi anaweza kuuliza bei ya bima ya uaminifu wa wafanyakazi. Anayegundua kuwa pesa za droo hazilipwi anaweza kuuliza kuhusu bima ya pesa, au akapeleka mauzo benki au kwa wakala wa benki kabla ya kufunga. Mwingine ataona hasara hizo ni ndogo na kuamua kuzibeba mwenyewe. Uamuzi wowote kati ya hiyo ni halali, mradi umefanywa kabla kufuli halijakatwa.

Ikumbukwe kwamba kifungu hiki ni kimoja tu. Hati hiyohiyo ina masharti mengine, yakiwemo yale ya kiasi kilichowekewa bima. Bidhaa zikiwekewa bima kwa thamani ya chini kuliko zilivyo, hati nyingi huruhusu malipo yapunguzwe kwa kiwango hichohicho, hata kama hakuna hasara iliyokataliwa. Sehemu hizo nazo zinaweza kukatwa na kuandikwa upya kwa njia ileile.

Wakati mzuri wa kufanya hivyo ni wiki chache kabla ya kulipia bima ya mwaka mwingine. Hapo mwenye duka bado hajatoa pesa zake, na kampuni ina sababu ya kumjibu haraka.